Nimenunua Series S ya 512 GB, ndani nakuta 364. Nimepigwa?

Kipanga_Dom

Wakuu, salaam. Jana jioni nimechukua Xbox Series S mpya, kasha limefungwa na stika yake haijaguswa. Pembeni imeandikwa 512 GB kwa herufi ambazo hata bibi yangu angezisoma bila miwani. Nimeiwasha, nikasubiri apdeti ya mwanzo mpaka saa sita usiku, kisha nikaingia `Settings > System > Storage devices`. Inaniambia 364 GB. Na sijaweka hata gemu moja.

512 kutoa 364 ni 148. Hiyo ni zaidi ya robo ya mashine! Muuzaji nimempigia, akasema "ndivyo zilivyo" kwa sauti ile ya mtu anayetaka kukata simu. Sasa naomba mnisaidie mawili. Kwanza, je, nimeuziwa mashine iliyofunguliwa ikabadilishwa diski? Pili, nilipanga kuweka FC, 2K, Call of Duty, GTA V na Fortnite. Zitaenea humo?

Baiti8

Hujapigwa, mkuu. Hii kitu iko hivyo duniani kote. Kiwanda kinahesabu kwa 1000, kompyuta inahesabu kwa 1024. Basi. Simu yako, kompyuta yako, konsoli yako, zote zinapoteza hapo. Uzi ufungwe.

Kipanga_Dom

Usifunge kwanza. Nimechukua kikokotoo. Nikigeuza 512 kwa hiyo hesabu yako napata 476 na nukta. Nimeona 364. Kuna GB 112 bado zimejificha mahali.

Baiti8

Hizo ni za mfumo wenyewe.

Kipanga_Dom

GB 112 za mfumo? Kompyuta ya kaka ina Windows na haichukui hata nusu ya hiyo.

Mama_Mapacha

Pole sana mwanangu, umeliwa. Mimi yalinikuta hayo hayo. Nilinunua flashi ya 2 TB kwa ajili ya katuni za mapacha, bei ya kutupa. Nikaichomeka, kweli ikasoma 2 TB. Wiki ya kwanza kila kitu sawa. Baadaye katuni zikawa zinafunguka nusu, nyingine zinakataa kabisa, na za mwanzo zilizokuwa nzima nazo zikaharibika. Rudisha mashine mapema kabla risiti haijafifia.

fundi_wa_pedi

Nimeingia kuchelewa, nilikuwa na pedi tatu za gemu zinazojiendesha zenyewe mezani.

Dada Mama_Mapacha, pole kwa katuni, ila kisa chako ni kinyume cha cha Kipanga. Flashi ya uongo imefundishwa kudanganya: ndani ina labda GB 32, lakini ikiulizwa inajibu 2 TB. Ukijaza zile za kweli, inaanza kuandika juu ya vilivyokuwepo, ndiyo maana hata katuni za mwanzo zilikufa. Kwa hiyo dalili ya wizi ni namba kuwa kubwa na nzuri mno. Ukitaka uhakika, kuna programu ndogo ya Windows inaitwa `H2testw`. Inaijaza flashi hadi ukingoni, kisha inasoma tena kila ilichoandika na kukwambia kipi kimerudi kizima. Konsoli ya Kipanga inaonyesha namba ndogo na haifichi. 364 ndiyo namba ambayo kila Series S ya 512 inatoa. Ingesoma 300 au 420 ningeshtuka.

Sasa Baiti8 ana haki nusu, na hiyo nusu ninaichukua. Kwa mtengenezaji wa diski, GB moja ni baiti bilioni moja kamili. Kwa Xbox, GB moja ni baiti 1,073,741,824. Baiti ni zile zile, kipimo ndicho tofauti. Ni kama mpunga uliopimwa kwa debe dogo shambani ukaja kupimwa kwa debe kubwa mjini: hakuna punje iliyoibwa njiani, ila madebe yamepungua. Njia ya haraka ni kuzidisha namba ya kwenye kasha kwa 0.931. 512 inakuwa 476, na 1000 inakuwa 931.

Nusu nyingine sikuisoma popote, nimeiona kwa macho. Miaka ile ya Xbox One diski zilikuwa zinakufa sana, nami nilikuwa nazibadilisha. Ukiitoa diski ya 500 GB ya Xbox One ukaichomeka kwenye kompyuta kwa kebo ya SATA, unakuta imegawanywa vyumba vitano, kila kimoja na jina lake:

```
Temp Content       41 GB
User Content      365 GB
System Support     40 GB
System Update      12 GB
System Update 2     7 GB
```

Jumlisha. Ni 465, ambayo ndiyo 500 ya kiwandani ikishapimwa kwa debe la Xbox. Chumba cha mteja ni kimoja tu, `User Content`, 365. Vile vinne vingine ni GB 100 kamili na hukuti mahali pa kuvifungua. Na kwa fundi anayeweka diski mpya, ukivikata kwa vipimo tofauti konsoli inakataa kuwaka. Niliharibu masaa mawili siku ya kwanza kwa sababu hiyo.

Angalia majina. Mfumo wenyewe si mkubwa kihivyo, Kipanga uko sahihi kushangaa. Kinachokula nafasi ni vyumba vya kazi: mahali pa kushushia vitu vya muda, mahali pa apdeti. Hivi vimetengwa tangu siku ya kwanza, viwe vimejaa au vitupu, ili usije ukajaza gemu mpaka dari halafu mashine ikakosa pa kuwekea apdeti yake. Kompyuta ya kaka yako haitengi hivyo, inakuachia ujaze, halafu inaanza kulia.

Kipanga_Dom

Aisee. Kwa hiyo Series S ni vyumba hivyo hivyo?

fundi_wa_pedi

Mtindo ni ule ule, vipimo sivyo. Yako imetengewa 112, ile ya zamani 100. Series S ina pia ile Quick Resume, unaacha FC dakika ya 60, unaingia gemu nyingine, ukirudi unaikuta dakika ya 60. Ili hilo liwezekane, kilichokuwa kwenye RAM ya gemu kinaandikwa kwenye SSD, na si gemu moja tu, ni kadhaa kwa pamoja. Hiyo nafasi lazima itoke mahali.

Uthibitisho mzuri ni ile kadi ya kuongezea inayochomekwa nyuma. Ya 1 TB, Xbox inakuonyesha 920 hivi. 1000 ikipimwa kwa debe la Xbox ni 931, imepotea kama 11 tu. Kwa nini haipotezi mia? Kwa sababu mfumo hauishi kwenye kadi. Mfumo unalipisha kodi nyumba moja tu, ile unamolala.

Likoni_Pedi

Habari zenu toka Mombasa. Mimi nina PS5 ile ya kwanza, imeandikwa 825 na inaonyesha 667. Kwa hivyo ni mambo hayo hayo?

Baiti8

Ndiyo. 825 ukigeuza ni 768, toa 667, mfumo umechukua 101. Karibu sawa na Xbox. Nilisema.

fundi_wa_pedi

Taratibu, Baiti8. Hiyo 768 ni kweli kabisa, tena ndiyo maana namba ni ya ajabu, 825: vipande kumi na viwili vya 64 kwa hesabu ya 1024. Lakini PS5 ikikuonyesha nafasi haitumii debe kubwa. Inatumia lile lile la kiwandani.

Baiti8

Ushahidi?

fundi_wa_pedi

Chukua PS5 mbili. Ile ya 2020 ni 825 na mteja anaachiwa 667. Ile nyembamba ya 2023 ni 1 TB, yaani 1000, na mteja anaachiwa 842. Toa kawaida bila kugeuza chochote: 825 kutoa 667 ni 158. 1000 kutoa 842 ni 158. Mfumo ni mmoja, tengo, yaani nafasi iliyotengwa, ni moja, hesabu inakaa. Sasa geuza kwa 1024 kama unavyotaka: ya kwanza inakupa 101, ya pili 89. Kwa nini mfumo ule ule uchukue pungufu kwenye mashine mpya?

Na Likoni_Pedi, siku ukiweka SSD ya M.2 ya 1 TB kwenye ile nafasi ya ndani, itakusomea 1.0 TB, haitashuka 931.

Likoni_Pedi

Ninayo, niliweka mwaka jana. Ni kweli, inaandika 1.0 TB. Nilidhani tu nimebahatika.

Baiti8

Sawa, hapo nimekubali. Lakini Xbox nilikuwa sahihi.

fundi_wa_pedi

Xbox ulikuwa sahihi 36 kati ya 148.

Mwenye_Banda

Wakubwa, mimi nina banda la PS4 Mbagala, mashine nne, zote 500 GB. Hizo hesabu za madebe nimeelewa, lakini shida yangu ni nyingine. Mashine moja ina GTA na gemu mbili tatu. Imebaki GB 60. Inakuja apdeti ya GTA, imeandikwa ni GB 2. Mashine inaniambia hakuna nafasi! 60 haitoshi 2? Vijana wamekaa kwenye benchi wananiangalia mimi kama nimeharibu kitu.

fundi_wa_pedi

Mkuu, hilo ndilo linawaliza wengi, na namba ya kwenye kasha haikuandai nalo. PS4 haibandiki kiraka juu ya gemu iliyopo. Inatengeneza nakala mpya ya gemu nzima yenye kiraka ndani yake, ikimaliza ndiyo inafuta ya zamani. Umeona baada ya kushusha inaandika "Copying" na inachukua muda mrefu kuliko kushusha kwenyewe? Ndiyo hiyo kazi. Kwa hiyo kiraka cha GB 2 cha gemu ya GB 90 kinadai karibu GB 90 nyingine ziwe wazi kwa muda. Una 60. Inakataa.

Kwenye PS4 ukipanga diski, usihesabu tu gemu zako. Hesabu gemu zako halafu iongeze ile kubwa kuliko zote mara ya pili. Ile 500 yako inakuachia kama 408. GTA ikiwa 90, basi za kupanga ni 318 tu, hiyo 90 nyingine iache wazi uisahau.

Mwenye_Banda

Kwa hiyo nifute gemu moja ili GTA ipate pa kugeukia.

fundi_wa_pedi

Ndiyo, au uhamishe moja kwenye diski ya nje. PS4 inakubali diski ya nje ya USB 3.0 kuanzia 250 GB, na gemu za PS4 zinachezeka kutoka huko huko, usipate shida ya kurudisha ndani. Hapo umebahatika kuliko wenye mashine mpya. Na ukifuta gemu, sevu za wateja hazifutiki, zinakaa sehemu yake.

Mama_Mapacha

Mwanangu, hiyo diski ya nje, ninayo moja ina picha za harusi ya dada yangu. Naweza kuichomeka kwenye mashine ya watoto ikakaa pamoja na gemu?

fundi_wa_pedi

Usithubutu, dada! Xbox na PlayStation zote, diski ikitumika kwa gemu za ndani ya konsoli, zinaifomati kwanza, na kila kilichokuwemo kinaondoka. Xbox ukiichomeka inakuuliza kama unataka kuitumia kwa gemu au kwa picha na video. Mtoto anabonyeza A bila kusoma. Mimi mwenyewe nilimpotezea mpwa wangu kipindi cha shule kizima hivyo, kazi zake zote, na nilikuwa nimekaa pembeni nikinywa chai.

Kipanga_Dom

Sasa turudi kwangu jamani. Nimekubali 364. Gemu tano zitaenea?

Baiti8

Hazitaenea. Fungua hiyo mashine uweke SSD kubwa zaidi. Ndani ni M.2, ni skrubu tu.

fundi_wa_pedi

Kufungua ni skrubu, sawa. Lakini ukiweka SSD tupu, Series S haiwaki. Zile sehemu za mfumo ziko kwenye SSD ile ya mwanzo, huwezi kuusakinisha upya kwa flashi kama PS4. Mashine ya juzi, garanti haijafika hata siku mbili. Mimi kazi hiyo siichukui.

Kipanga, nipe kwanza jinsi unavyocheza. Kila siku unacheza nini, na intaneti yako ni ipi?

Kipanga_Dom

FC kila siku. Fortnite na mdogo wangu wikiendi. Call of Duty nacheza Warzone tu na mtandaoni, ile hadithi siitaki. GTA mara moja moja. 2K ni kwa ajili ya binamu akija likizo. Intaneti ni bando la simu, ruta ya 4G. Usiku ikiwa nzuri inafika megabiti 20.

fundi_wa_pedi

Safi, hapo kuna pa kuanzia. Nimewasha Series S ya mteja iliyopo mezani nikaangalia. Namba za GB nimezifupisha ziwe kamili, na zinabadilika kila msimu, kwa hiyo zichukue kama makadirio: FC 50, Fortnite 40, GTA V 90, 2K 110, Call of Duty ikiwa na kila kitu 150. Jumla 440. Una 364. Hazienei, na hata zingeenea usingependa, kwa sababu hakuna pa kupumulia apdeti. Xbox si kali kama PS4 kwenye hilo, lakini mimi siachi chini ya GB 50 wazi. Kwa hiyo weka akilini kwamba nyumba yako ni ya 314.

Anza na Call of Duty, ndiyo yenye mafuta. Iangazie, bonyeza kitufe cha menyu, ingia `Manage game and add-ons`. Utaona vipande vyake vimeorodheshwa. Toa tiki kwenye hadithi na chochote usichocheza, hifadhi. Ile ya mteja ilishuka kutoka 150 hadi karibu 100. Hukupoteza kitu unachotumia.

Sasa: FC 50, Fortnite 40, Call of Duty 100. Hao ni wakazi, 190. Kimebaki chumba kimoja cha mgeni. GTA akiingia ni 280, unabaki na 84 wazi. Binamu akija, GTA anatoka, 2K anaingia, ni 300, unabaki na 64. Wote wawili kwa pamoja hapana, ingekuwa 390.

Kipanga_Dom

Sasa huyo mgeni akitoka nimfute? Kushusha tena GB 110 kwa bando la simu, si bora ninunue mbuzi?

Baiti8

Weka faiba, futa na kushusha unavyotaka. Mimi sina diski ya nje hata moja.

Kipanga_Dom

Faiba mtaani kwetu haijafika, kaka.

fundi_wa_pedi

Hapo ndipo diski ya nje inapokuwa na maana kwa Series S, na watu wengi wanaikataa kwa sababu wameambiwa "gemu za Series hazichezeki kutoka USB". Ni kweli hazichezeki. Lakini zinakaa. Ichukulie kama stoo, si chumba cha kulala. PS5 nayo ni hivyo hivyo: gemu za PS5 unazitunza kwenye diski ya USB, kucheza lazima zirudi ndani au kwenye ile M.2. Gemu za zamani, za Xbox One kwako na za PS4 kwa Likoni, hizo zinachezeka kutoka USB moja kwa moja, basi ndizo za kwanza kutolewa nje.

Piga hesabu ya muda. GB 110 kwa megabiti 20, bila kukatika hata mara moja, ni zaidi ya masaa kumi na mawili. Na bando limekwisha. Diski ya kawaida inayozunguka, kwenye USB 3.0, inasukuma kama megabaiti 100 kwa sekunde. GB hizo hizo zinahama kwa dakika ishirini hivi, thelathini ikiwa diski imechoka. Huhitaji SSD ya bei kwa kazi ya stoo. Hakikisha tu ni USB 3.0, na si chini ya 128 GB, vinginevyo Xbox haiipokei kwa gemu. Ukinunua ya 1 TB itasoma 931, na safari hii hutaanzisha uzi.

Kipanga_Dom

Hahaha. Hapana.

Likoni_Pedi

Swali kidogo. Gemu ikikaa stoo miezi mitatu halafu ukairudisha, si itataka apdeti kubwa?

fundi_wa_pedi

Itataka, hasa hizi za msimu, Fortnite na Call of Duty. Ndiyo maana hizo mbili nimeziweka wakazi na si wageni. 2K na GTA hazibadiliki kwa kasi ile. Ukijua binamu anakuja Ijumaa, mtoe 2K stoo Jumatano, ili apdeti ishuke usiku. Usisubiri amekaa kwenye kochi.

Mama_Mapacha

Na wanaosema Series S gemu zake ni ndogo kuliko za mashine kubwa, ni kweli? Mapacha wananililia ile kubwa.

fundi_wa_pedi

Mara nyingi ni kweli, dada. Kabla haijatoka mwaka 2020 Microsoft walisema wanategemea gemu za Series S ziwe pungufu kwa kama asilimia 30, kwa sababu haihitaji zile picha za 4K. Lakini inategemea mtengenezaji wa gemu. Kuna wanaojali na wapo wanaokutupia kifurushi kile kile. Kwa hiyo usipange kwa hiyo asilimia. Fungua ukurasa wa gemu dukani ukiwa kwenye Series S yenyewe, usome ukubwa hapo, halafu ongeza kidogo maana haikai hivyo kwa mwaka mzima.

Mwenye_Banda

Nimerudi. Nimehamisha gemu mbili kwenye diski ya nje, GTA imepata nafasi, "Copying" imechukua dakika arobaini, vijana wameondoka. Lakini imewaka.

Kipanga_Dom

Nami nina ripoti. Nimeazima diski ya nje ya jirani, 500 GB, nimemuuliza mara tatu kama ina kitu cha maana ndani. Imesoma 465, nikacheka peke yangu. Call of Duty nimetoa hadithi. Kwangu imekuja 104, si 100. FC, Fortnite na GTA ziko ndani. Kwa kujaribu, kabla GTA haijaingia, nilishusha 2K kwa bando la usiku, siku mbili, nikaihamishia stoo: dakika 24. Mashine inaonyesha zimebaki 77.

Ila kuna kitu kimenitisha. Nilipokuwa natoa 2K nikapita sehemu ya `Saved data`, kuna neno `Delete everywhere`. Sikugusa.

fundi_wa_pedi

Ulifanya vyema. Hiyo inafuta sevu kwenye konsoli na mtandaoni kwa pamoja, harudi mtu. Kuhamisha au kuondoa gemu hakuhitaji kupita huko kabisa. Ukiwa umeingia na akaunti yako, Xbox inapeleka sevu mtandaoni bila malipo, ndiyo maana binamu atakuta timu yake. Kwa PS5 huduma hiyo ya mtandaoni inataka PS Plus, na sevu za gemu za PS5 hazinakiliki kwenye flashi. Likoni_Pedi, hilo liweke akilini kabla hujampa mtu mashine aifomati.

Baiti8

Fundi, nimekaa na hizi namba. Series X ni 1 TB, inaachia 802. 931 kutoa 802 ni 129. Series S tengo lake ni kama 113. PS5 mbili zilikuwa na tengo moja, Xbox hizi mbili zimepishana 16. Mfumo si ni mmoja?

fundi_wa_pedi

Nimeliona hilo nami. Ninahisi ni Quick Resume. Series X ina RAM 16, Series S ina 10, kwa hiyo kila gemu iliyogandishwa kwenye X ni nzito zaidi na inahitaji pa kuandikwa pakubwa. Lakini hiyo ni hisia ya fundi. Diski ya Xbox One niliifungua nikaviona vyumba, ya Series sijawahi kuviona.

Baiti8

Tofauti ya RAM ni 6. Tofauti ya tengo ni 16. Zikiwa gemu tatu zimegandishwa, 18. Zikiwa mbili, 12. Haikai.

fundi_wa_pedi

RAM yote si ya gemu, sehemu ni ya mfumo. Jaribu tena kwa hiyo.

Baiti8

Nakuja.